Kiwango ghafi au kilichosawazishwa kwa umri: utumie kipi unapolinganisha vifo vya nchi ya vijana na vya nchi ya wazee?

Chukua jedwali lolote la vifo vya dunia, ulipange kuanzia nchi yenye kiwango kidogo kabisa. Juu utaikuta Qatar, yenye vifo chini ya 2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Japani utaitafuta huko chini, ina zaidi ya vifo 11. Asiyejua mambo ya takwimu atahitimisha kwamba Japani watu wanakufa ovyo, kumbe Wajapani huishi wastani wa miaka 84 hivi na ni miongoni mwa watu wanaoishi muda mrefu kuliko wote duniani.

Hakuna aliyekosea kuhesabu. Wakazi wengi wa Qatar ni wafanyakazi waliotoka nchi nyingine, wengi wao wanaume wa miaka 20 na kitu hadi 40 na kitu, na mkataba ukiisha hurudi kwao. Uzee unawakuta kwingine, na kifo kinahesabiwa huko huko. Japani ni kinyume chake: zaidi ya robo ya watu wake wamevuka miaka 65.

Kuna hesabu fupi inayoonyesha kwa nini kiwango kidogo sana kinapaswa kukutia shaka badala ya kukufurahisha. Kila mtu hufa mara moja tu. Basi nchi ambayo idadi ya watu wake haiongezeki wala haipungui, na ambayo watu wake huishi wastani wa miaka 80, kila mwaka itapoteza mtu mmoja katika kila 80, yaani 12.5 kwa kila 1,000. Ukikichukua kiwango cha 2 kwa 1,000 kwa mtindo huohuo, watu wangekuwa wanaishi miaka 500. Hakuna nchi ya namna hiyo. Iliyopo ni nchi ambayo wazee wake bado ni wachache, au wako mahali pengine.

Vipimo vinavyogombaniwa hapa ni viwili. Kiwango ghafi cha vifo ni vifo vyote vya mwaka ukivigawa kwa idadi ya watu wote wa katikati ya mwaka, kisha ukazidisha kwa 1,000. Basi. Kiwango kilichosawazishwa kwa umri kinauliza swali jingine: je, kama nchi hizi mbili zingekuwa na mgawanyo mmoja wa umri, huku kila moja ikibaki na hatari zake za kufa katika kila rika, zingepoteza watu wangapi kwa kila 1,000? Cha kwanza ni hesabu ya kilichotokea. Cha pili ni hesabu ya jambo ambalo halijatokea, na ni vizuri ukubali hilo mapema kwa sababu ndilo linaloamua kila kimoja kinafaa wapi.

Mfano wa nchi mbili

Tutunge nchi mbili, kila moja ina watu 1,000,000 kamili ili hesabu iwe nyepesi. Ya kwanza tuiite Ujanani, ya pili Uzeeni. Namba ni za kubuni, lakini sura yake ni ile utakayoikuta ukilinganisha nchi halisi ya kipato cha chini na nchi halisi ya kipato cha juu.

| Umri | Watu Ujanani | Vifo kwa 1,000 | Vifo | Watu Uzeeni | Vifo kwa 1,000 | Vifo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0–14 | 420,000 | 6 | 2,520 | 140,000 | 0.4 | 56 |
| 15–44 | 450,000 | 3 | 1,350 | 340,000 | 0.8 | 272 |
| 45–64 | 100,000 | 12 | 1,200 | 280,000 | 5 | 1,400 |
| 65+ | 30,000 | 60 | 1,800 | 240,000 | 42 | 10,080 |
| Jumla | 1,000,000 | | 6,870 | 1,000,000 | | 11,808 |

Kiwango ghafi cha Ujanani ni 6.87 kwa 1,000. Cha Uzeeni ni 11.81. Ukiishia hapo, Ujanani ndiko salama zaidi.

Sasa pita mstari kwa mstari. Mtoto wa Ujanani ana hatari ya kufa mara 15 ya mtoto wa Uzeeni. Kijana wa Ujanani anakaribia mara nne. Wa makamo, zaidi ya mara mbili. Hata mzee wa Ujanani anafariki kwa kasi kubwa kuliko mzee wa Uzeeni. Hakuna rika hata moja ambalo mtu angefaidika kuwa Ujanani, na bado jumla inasema Ujanani ni bora.

Siri iko kwenye safu za watu. Vifo 10,080 kati ya 11,808 vya Uzeeni, yaani zaidi ya asilimia 85, ni vya watu wa miaka 65 na kuendelea, kwa sababu tu watu hao wako 240,000. Ujanani wako 30,000. Kifo kinamfuata mzee popote alipo, kwa hiyo mwenye wazee wengi atakuwa na vifo vingi, hata akiwa na hospitali bora kuliko zote. Kiwango ghafi kimechanganya mambo mawili ndani ya namba moja, yaani jinsi watu wanavyokufa na ni watu wa umri gani waliopo. Kwa mfano wetu, hili la pili limelimeza la kwanza.

Kusawazisha, hatua kwa hatua

Njia ya moja kwa moja haina uchawi. Unachagua idadi sanifu, yaani mgawanyo mmoja wa umri utakaotumika kwa nchi zote mbili. Kisha unachukua kiwango cha vifo cha kila rika katika nchi husika, unakizidisha kwa sehemu ya rika hilo katika idadi sanifu, na mwisho unajumlisha.

Idadi sanifu inayotumika zaidi kwa ulinganisho wa kimataifa ni ile ya Shirika la Afya Duniani, iliyotengenezwa kutokana na wastani wa mgawanyo wa umri wa dunia uliotarajiwa kati ya mwaka 2000 na 2025. Ukiikusanya katika makundi yetu manne inatoa takriban asilimia 26 kwa umri wa 0–14, asilimia 46 kwa 15–44, asilimia 20 kwa 45–64, na asilimia 8 kwa 65 na kuendelea.

Ujanani basi: 6 mara 0.26 ni 1.56. Halafu 3 mara 0.46 ni 1.38. Halafu 12 mara 0.20 ni 2.40. Na 60 mara 0.08 ni 4.80. Jumla ni 10.14 kwa 1,000.

Uzeeni kwa mtindo huohuo: 0.10, na 0.37, na 1.00, na 3.36. Jumla ni 4.83 kwa 1,000.

Mpangilio umegeuka. Ujanani sasa ina kiwango cha mara 2.1 ya Uzeeni, na hilo linalingana na yale tuliyoyaona tulipopita mstari kwa mstari. Kwenye lahajedwali, ikiwa viwango vya marika viko kwenye safu ya B na idadi sanifu kwenye safu ya C, kazi yote ni mstari mmoja:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)/SUM(C2:C5)
```

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye hatua hii ni mtu kuweka kwenye safu ya B idadi ya vifo badala ya viwango. Fomula haitalalamika, itakupa namba tu. Utaligundua kosa ukikumbuka kwamba kiwango kilichosawazishwa ni wastani wenye uzani, kwa hiyo lazima kiangukie kati ya kiwango kidogo kabisa na kikubwa kabisa cha marika. Ujanani lazima kiwe kati ya 3 na 60. Ukipata 1,600 na ushei, kuna safu imekosewa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1844 huko London, mtaalamu wa hesabu za bima Neison alipinga njia ya mwanamageuzi wa afya ya umma Edwin Chadwick ya kupima afya ya maeneo kwa wastani wa umri wa waliofariki. Hoja yake ilikuwa kwamba eneo lenye watoto wengi litaonekana lina watu wanaokufa mapema, hata kama halina ubaya wowote wa pekee. Akachukua viwango vya vifo vya eneo moja, akavitumia kwa watu wa eneo jingine. Tunachofanya leo ni kilekile, isipokuwa lahajedwali ndiyo inayobeba mzigo.

Idadi sanifu ipi? Hapa ndipo panapotaka umakini

Waandishi wengi hueleza kusawazisha kisha wakaishia kwenye 10.14 na 4.83, kana kwamba sasa ukweli umepatikana. Jaribu idadi sanifu nyingine uone. Ile ya Ulaya ya mwaka 2013 ilitengenezwa kwa ajili ya jamii zilizozeeka. Kwa makundi yetu inatoa asilimia 16, 38, 26.5 na 19.5. Wazee wana uzani zaidi ya mara mbili ya ule wa Shirika la Afya Duniani.

Rudia hesabu. Ujanani inapata 16.98 na Uzeeni inapata 9.88. Namba zote mbili zimepanda sana, na wala hakuna mtu wa ziada aliyekufa. Pengo nalo limebadilika: uwiano sasa ni mara 1.72, si 2.1.

Sababu yake ni nyepesi ukiitazama kwenye jedwali. Tofauti kati ya nchi hizi si sawa katika kila rika. Kwa watoto ni mara 15, kwa wazee ni 60 dhidi ya 42, yaani mara 1.4 hivi. Idadi sanifu yenye vijana wengi inaangalia zaidi pale ambapo pengo ni kubwa. Idadi sanifu yenye wazee wengi inaangalia zaidi pale ambapo pengo ni dogo. Zote ziko sahihi. Kila moja ni wastani wa mapengo manne, zimetofautiana tu katika pengo gani lipewe sauti kubwa.

Marekani ilipitia jambo hili waziwazi. Kwa miongo mingi takwimu zake za vifo zilisawazishwa kwa idadi ya watu ya mwaka 1940, na kuanzia takwimu za mwaka 1999 wakahamia idadi ya mwaka 2000. Kiwango cha mwaka 1995, ambacho kwa kipimo cha zamani kilikuwa takriban 504 kwa kila watu 100,000, kwa kipimo kipya kilivuka 900. Vifo vya 1995 vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa zamani na havikuguswa. Aliyeweka ripoti ya zamani na mpya kwenye grafu moja bila kusoma maelezo ya chini aliona janga ambalo halikuwapo.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka viwango viwili vilivyosawazishwa ubavu kwa ubavu, jambo la kwanza ni kuhakikisha vimetumia idadi sanifu moja. Kama havikutumia, ulinganisho huo ni batili, tena ni batili kuliko hata wa viwango ghafi, maana msomaji ameshaaminishwa kwamba tatizo la umri limetatuliwa. Na kama wewe ndiye unayechagua, kwa ulinganisho wa nchi ya vijana na ya wazee mimi huanza na ile ya Shirika la Afya Duniani, kisha narudia kwa nyingine iliyozeeka zaidi. Mpangilio ukibaki uleule, naandika kwa ujasiri. Ukigeuka, ugeukaji huo ndio habari yenyewe.

Mpangilio unapogeuka

Unaweza kugeuka kweli? Tuseme kule Ujanani vifo vingi vya wazee hutokea nyumbani, mazishi yanafanyika, na hakuna anayekwenda kuandikisha. Watoto wanaofia hospitalini wanaandikwa, wazee wengi hawaandikwi. Kwenye vitabu, kiwango cha 65 na kuendelea kinaonekana 22 kwa 1,000 badala ya 60.

Kwa idadi sanifu ya Shirika la Afya Duniani, Ujanani inapata 7.10 dhidi ya 4.83 ya Uzeeni. Bado Ujanani ina hali mbaya zaidi. Kwa ile ya Ulaya inapata 9.57 dhidi ya 9.88. Sasa Uzeeni ndiyo mbaya! Data ni ileile, njia ni ileile, na majibu yanapingana.

Hali hii hutokea pale viwango vya marika vinapopishana, yaani nchi moja iko juu kwa watoto na chini kwa wazee. Ikitokea hivyo, hakuna namba moja inayoweza kuzisemea nchi hizo mbili kwa haki. Chora viwango vya kila rika kwenye grafu, mistari miwili, mmoja kwa kila nchi. Kama mistari haikatani, namba yoyote iliyosawazishwa itakupa mpangilio uleule, hata ukibadilisha idadi sanifu. Ikikatana, acha namba moja, onyesha marika.

Na mstari wa nchi yenye usajili hafifu ukishuka chini ya mstari wa nchi tajiri huko kwenye wazee tu, usikimbilie kusema wazee wa huko ni wagumu kama mbuyu. Kuna chanzo kingine tofauti na vifo visivyosajiliwa, nacho ni umri wenyewe. Watu wasio na cheti cha kuzaliwa hutaja umri unaoishia na 0 au 5, na wazee hupenda kujiongezea miaka. Mtu wa miaka 61 akisema ana 65, ameingia kwenye kundi la wazee akiwa na hatari ndogo ya mtu wa 61, na amelishusha kiwango cha kundi hilo. Ukitazama sensa ukakuta watu wa miaka 60, 65 na 70 wamerundikana huku wa 61, 64 na 69 ni wachache mno, ujue kundi lako la mwisho limechafuka. Kusawazisha hakuwezi kusafisha hilo. Kwa kweli kunalikuza, hasa kwa idadi sanifu yenye wazee wengi. Kiwango ghafi cha Ujanani, kisichotumia umri kabisa, hakitikiswi na umri uliotajwa vibaya.

Upana wa makundi nao una lake. Mimi nimetumia makundi manne ili usichoke, ila kwenye kazi ya kweli makundi manne ni machache mno. Ndani ya 65 na kuendelea, Uzeeni ina watu wengi wa miaka 85 na 90, wakati Ujanani wengi ni wa 65 hadi 74. Kwa hiyo ile 42 ya Uzeeni imebebeshwa mzigo wa wakongwe kabisa, na tofauti ya umri tuliyodai kuiondoa bado imejificha ndani ya kundi. Tumia makundi ya miaka mitano mitano hadi angalau 85 na kuendelea, na watoto wa chini ya mwaka mmoja wakae peke yao, kwa sababu hatari yao haifanani kabisa na ya mtoto wa miaka 8.

Ukiwa huna viwango vya kila rika

Mara nyingi nchi ya vijana ina jumla ya vifo na ina sensa ya umri, lakini haina vifo vilivyogawanywa kwa umri. Au imevigawanya, ila eneo ni dogo kiasi kwamba kila rika lina vifo vitano au sita. Takwimu za afya za Marekani huwekea alama ya kutotegemeka kiwango chochote kinachotokana na vifo visivyofika 20, na ni kizingiti kizuri cha kukumbuka.

Hapo kuna njia isiyo ya moja kwa moja. Unachukua viwango vya nchi ya pili na kuviweka juu ya watu wa nchi ya kwanza. Ujanani ingekuwa na viwango vya Uzeeni, watoto wake 420,000 wangepoteza 168, vijana 360, wa makamo 500, wazee 1,260. Jumla 2,288. Vifo halisi ni 6,870. Gawanya: mara 3.0.

Sasa tuna majibu matatu: 3.0, 2.1 na 1.72. Yote yanasema Ujanani ina hali mbaya zaidi, na yote ni sahihi. Hili la 3.0 ni kubwa kwa sababu uzani uliotumika ni mgawanyo wa Ujanani yenyewe, ambako watoto wamejaa na ndiko pengo lilikokuwa kubwa kuliko kote. Njia hii ni nzuri kwa swali la "Ujanani ikilinganishwa na Uzeeni". Ila usichukue nchi ya tatu, nayo ukaipima dhidi ya Uzeeni, kisha ukalinganisha uwiano wake na wa Ujanani. Kila uwiano umepimwa kwa mgawanyo wa umri wa nchi yake, kwa hiyo umerudi kulekule kulinganisha vijana na wazee.

Kiwango ghafi kinaposhinda

Baada ya yote hayo, usikitupe kiwango ghafi. Uzeeni ilikuwa na vifo 11,808, na vyote vilitokea. Anayepanga idadi ya madaktari wa kupima chanzo cha vifo, vitanda vya wagonjwa wasio na tumaini la kupona, au ardhi ya makaburi, anahitaji namba hiyo. Ukimpa 4.83 kwa 1,000 atapanga kwa watu 4,832 na ataishiwa na nafasi kabla ya Juni. Watu 4,832 hawapo popote, ni wa dunia ya kufikirika ambamo Uzeeni ina wazee asilimia 8.

Ongezeko la watu nalo linatumia kiwango ghafi. Kiwango ghafi cha uzazi ukiondoa kiwango ghafi cha vifo unapata ongezeko la asili, na huwezi kuweka hapo kiwango kilichosawazishwa bila kuharibu hesabu. Ujanani inakua haraka kwa sababu watoto ni wengi na vifo ni 6.87 kwa 1,000. Swali la nani ana afya bora halihusiki hapo.

Kwa ufupi wa maamuzi: swali likiwa ni vifo vingapi, mahali hapa, mwaka huu, tumia ghafi. Likiwa ni hatari ya kufa iko wapi zaidi, au huduma za afya zimefanya vizuri wapi, tumia kilichosawazishwa. Likiwa linahusu ugonjwa mmoja, kama saratani au kiharusi, jibu ni lilelile ila kwa mkazo zaidi, kwa sababu magonjwa hayo hupanda kwa kasi kubwa mno na umri na kiwango ghafi kitaipaka tope nchi ya wazee kila mara. Likihusu vifo vya watoto wachanga au vya uzazi, hauhitaji chochote kati ya hivi viwili, kwani vina vipimo vyake ambavyo tayari vimebanwa kwenye kundi moja.

Nchi moja, miaka mingi

Watu hukumbuka kusawazisha wanapolinganisha nchi mbili, wakasahau kwamba nchi moja ya leo na nchi hiyohiyo ya miaka 40 iliyopita ni kama nchi mbili. Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na vifo takriban 6 kwa 1,000. Kufikia 2019 vilikuwa vimevuka 11. Katika kipindi hichohicho wastani wa umri wa kuishi ulipanda kutoka miaka 76 hivi hadi 84 hivi. Kiwango ghafi karibu kimeongezeka maradufu huku watu wakizidi kuishi.

Ujanani itapita njia hiyohiyo. Tuseme kesho inafanikiwa kushusha hatari za kila rika hadi zilingane na za Uzeeni. Kiwango chake ghafi kitaporomoka kutoka 6.87 hadi 2.3 kwa 1,000, kwa sababu ile namba ya 2,288 tuliyoipata juu ndiyo vifo ambavyo itabaki navyo. Baada ya hapo, watoto wale 420,000 wataanza kuzeeka. Mwaka baada ya mwaka kiwango ghafi kitapanda, 4, 6, 9, na mgawanyo wa umri ukishafanana na wa Uzeeni kitafika 11.8, bila rika hata moja kuzorota njiani. Kilichosawazishwa kwa umri, ukitumia idadi sanifu ileile, kitakaa palepale kwenye 4.83 muda wote huo. Ukikiona kinapanda, basi kuna rika ambalo hatari yake imeongezeka, na unarudi kwenye jedwali la marika kulitafuta.